Maelekezo ya Picha ya Mbele: Kipeperushi cha Kituo chetu cha Afya, Moshi

Kaka mchoraji, salaam.

Haya ndiyo maelekezo tuliyoahidiana ya picha itakayokaa ukurasa wa mbele wa kipeperushi. Yasome yote kabla ya kushika penseli, kwa sababu kuna mambo madogo humu ambayo yakikosewa picha nzima inapoteza maana.

Kipeperushi kilichopita kilikuwa na picha iliyotolewa mtandaoni: ukumbi wa vioo, sofa, mashine ambazo hapa hazipo. Mama mmoja kutoka Rau alikuja nacho mkononi akauliza mapokezi yale yako wapi, akadhani amepotea njia. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: usichore kitu ambacho mgonjwa akifika hatakikuta. Tunamchorea mtu mwenye presha anayeogopa kuja kupimwa, mtu anayejiuliza atapokelewaje. Akiiona picha ajue mlangoni ataanzia wapi na nani atamwangalia usoni.

Tukio lenyewe. Kushoto kuna meza ya mapokezi, ya mbao, upande mmoja imeshushwa ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu aongee na mhudumu bila kunyoosha shingo. Juu yake kibao: MAPOKEZI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Wazee hudumiwa kwanza. Nyuma ya meza amekaa dada wa mapokezi aliyevaa hijabu, anapokea kadi ya kliniki kwa mkono wa kulia kutoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Mama avae kitenge, mtoto afungwe kwa khanga, kichwa chake kionekane. Mezani weka rejista kubwa, kalamu, na kompyuta moja iliyogeuziwa kioo upande wa mhudumu. Wanaosubiri kwenye benchi wasiweze kuona kioo hicho, na karatasi yoyote iliyo wazi isiwe na jina linalosomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana, lakini hata bila sheria, mgonjwa akiona majina ya wenzake yameanikwa atajua na lake litaanikwa.

Kulia, hatua chache kutoka mezani, ndipo moyo wa picha: nesi anampima presha bibi wa miaka sabini hivi. Hapa naomba utulie.

Bibi ameketi kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini sakafuni. Asikunje nne. Mkono wake umelazwa juu ya meza ndogo, kiganja juu, na mkanda wa presha uko usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko, si juu ya nguo. Kwa kuwa ni Moshi na baridi ya mwezi wa saba unaijua, mvalishe bibi sweta, ila mkono mmoja wa sweta uwe umevuliwa na kuning'inia begani. Kwa jambo hilo moja mtu ataelewa kwamba akija kupima atavua, na nesi aliye makini hampimi mtu juu ya sweta. Mpira wa mkanda uende mpaka kwenye mashine, usiishie hewani.

Mashine ni ile ya dijitali ya mezani. Kwenye kioo andika tarakimu tatu, kutoka juu kwenda chini: 124, 78, 72. Ya kwanza ni presha ya juu, ya pili ya chini, ya tatu mapigo ya moyo kwa dakika. Usiandike namba za kubuni tu. Watu wenye presha wanazijua kuliko unavyodhani, na 12 juu ya 300 itatuaibisha.

Wakati mashine inapima, mgonjwa na nesi hawazungumzi, kwa sababu maongezi hupandisha namba. Ndiyo maana nataka uchore dakika ile ambayo kipimo kimeshatoka: nesi amegeuza mashine ili bibi naye aone, anamweleza, na bibi anasikiliza. Nesi ameketi kwenye stuli, macho yake yako usawa wa macho ya bibi. Asisimame juu yake. Asitabasamu kwa meno yote kama tangazo la dawa ya mswaki. Uso wake uwe wa mtu anayesikiliza. Fimbo na mkoba wa bibi viwe pale anapoweza kuvifikia. Wazee hawatulii mkoba ukiwa mbali.

Sare. Gauni jeupe, mikono mifupi inayoishia juu ya kiwiko, limepigwa pasi hadi mstari unaonekana. Usafi uonekane kwenye kola na mfukoni, si kwa kulifanya gauni ling'ae kama taa. Kucha fupi bila rangi, hakuna pete, bangili wala saa ya mkononi. Saa yake ibanwe kifuani. Nywele zimefungwa nyuma. Viatu vya chini, vilivyofunika vidole. Asivae glavu: kupima presha kwenye ngozi isiyo na kidonda hakuhitaji glavu, na nesi anayesalimia watu na glavu mkononi huwafanya wajione wachafu. Ukitaka kumwekea stetoskopu shingoni, sawa, lakini ncha za masikioni zielekee mbele zinapovaliwa. Wachoraji wengi huzigeuza nyuma, na daktari yeyote ataliona kwanza hilo.

Usichore msalaba mwekundu popote, si kwenye kofia, si ukutani, si kwenye sanduku la dawa. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva na haikuwekwa kwa ajili ya vituo vya afya kama chetu. Ukihitaji alama ya tiba, fimbo moja yenye nyoka mmoja. Nyoka wawili na mbawa ni kitu kingine kabisa.

Mlangoni weka ndoo ya maji yenye koki, sabuni, na beseni chini. Sindano na boksi la sindano zisionekane kabisa. Zina chumba chake, na watoto wakiziona kwenye karatasi wanalia kabla hawajafika.

Dirishani mlima unaruhusiwa, mdogo. Sisi tunautazama kutoka kusini, kwa hiyo Kibo iwe kushoto na Mawenzi yenye meno iwe kulia. Wamachame na Wamarangu watatugombania, lakini kipeperushi ni cha mjini.

Kuhusu uchapaji: karatasi ni A4 inayokunjwa mara mbili, upande mmoja una upana wa milimita 99. Picha iwe milimita 99 kwa 120, ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, nukta 300 kwa inchi. Kipeperushi kitatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe hapa kituoni, kwa hiyo gauni jeupe lisikae mbele ya ukuta mweupe. Ukuta uwe wa kijani cha maji hadi kiunoni kama ulivyo kweli.

Chini ya picha yatachapwa maneno haya, usiyachore wewe: Karibu. Anzia mapokezi. Kupima presha huchukua dakika chache, na namba zako utaelezwa.

Sura zote ziwe za kubuni. Usimpige mgonjwa picha ukaja kumchora. Nikikukuta na simu kwenye benchi nitaichukua. Vifaa njoo uvione, nitakutolea mashine, mkanda na stuli uvichore vikiwa mbele yako. Alhamisi mchana kunakuwa na nafasi, kliniki ya watoto ikishaisha. Rasimu ya penseli niione kwanza mimi na dada wa mapokezi, kisha ndipo uweke rangi.

Dada yako,
Muuguzi Mfawidhi