Barua ya Neema kwa Binamu Yake Upendo

                                        Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
                                        S.L.P. 35091,
                                        Dar es Salaam.

                                        24 Novemba 2024

Kwako binamu yangu Upendo,

Salaam nyingi zikufikie huko bwenini. Mimi sijambo, ila joto la huku linanitesa. Sisi tuliozoea baridi ya Songea, tukifika Dar tunaoga mara tatu kwa siku na bado jasho linatiririka. Najua simu kwenu ni marufuku, ndiyo maana leo Jumapili nimeamua kukaa chini nikuandikie.

Safari ilikuwa ndefu, lakini pale Mikumi niliona twiga watatu karibu kabisa na barabara nikakukumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukisema lazima siku moja tuwaone pamoja. Baba mdogo alinipokea kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, usiku, na kesho yake akanileta Mlimani.

Upendo, chuo ni kikubwa! Siku ya kwanza ya masomo nilizunguka nusu saa nikitafuta kumbi za Yombo, nikaingia mhadhara umeshaanza, nikakaa ngazini. Unakumbuka ile noti ya 500 ambayo bibi alikuwa akitupa tukanunue maandazi? Lile jengo la nyuma yake ni Ukumbi wa Nkrumah, na sasa napita mbele yake karibu kila siku. Mara ya kwanza nilisimama nikaliangalia mpaka wenzangu wakaniacha.

Nimepata nafasi katika hosteli za Magufuli. Jirani yangu wa kitanda ni Mwanaisha, binti wa Pemba. Anasema "skuli" badala ya shule, na akizungumza na mama yake kwa simu husikii "chake" bali "chakwe". Wiki ya kwanza nilidhani anakosea. Basi wiki iliyopita kwenye mhadhara wa Kiswahili tukaulizwa kwa nini Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi gani. Nilikuwa nimeshabishana na Mwanaisha usiku mzima juu ya jambo hilo hilo! Nikanyoosha mkono. Sauti ilitetemeka, lakini nilisema kwamba lahaja nyingine hazikuachwa kwa sababu ni mbovu, na kwamba Kipemba kina kanuni zake. Mhadhiri akaniuliza jina langu, akaliandika. Katika ukumbi wa mamia ya watu, hiyo ndiyo siku niliyojiona nami nimefika. Kamati ile, kumbe, ndiyo mwanzo wa taasisi ya Kiswahili iliyopo hapa hapa Mlimani, TATAKI.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kwamba hakuna kengele. Hakuna matroni, hakuna prepu, hakuna anayekuuliza umelala saa ngapi au kwa nini hukuja darasani. Wiki ya pili nililia kidogo, nisikufiche. Niliwakumbuka nyumbani, na kazi ya kwanza ya kuandika ilikuwa inadaiwa kesho yake wakati sijafungua hata kitabu. Siku hizi nikimaliza kipindi cha asubuhi naenda maktaba moja kwa moja, sipiti hosteli, maana nikishaona kitanda nimekwisha. Maktaba mpya ina nafasi ya kusomea watu 2,100, lakini nami nina kiti changu karibu na dirisha na nisipokikuta nasononeka.

Pesa nazo zinataka akili. Posho ya chakula kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, ila "bumu" huingia kwa mkupuo, na mkupuo una kishawishi. Wapo waliokwisha kununua simu na sasa wanaomba ukoko. Mimi nimempa baba mdogo sehemu anitunzie. Na mkate usiache dirishani: tumbili wa hapa hawaogopi mtu, mkate wangu waliuchukua wote nikiwa naangalia.

Mtihani wenu wa kidato cha sita ni Mei. Ukitaka kuja huku mwakani, andika insha kila wiki sasa hivi, hata usipoambiwa na mwalimu. Madaftari yangu ya Historia yako kwa bibi, kwenye sanduku la bati. Yachukue Desemba ukifunga shule, yale yenye jalada la bluu ndiyo mazuri.

Wape shangazi na bibi shikamoo zangu. Mwambie bibi dagaa wa Nyasa alionifungia walikwisha wiki ya kwanza, Mwanaisha aliwapenda mno, na kama kuna mtu anakuja Dar asisite kumpa wengine.

Nijibu haraka, hata ukurasa mmoja. Nataka kujua ulipata ngapi katika jaribio la Kiswahili.

                                        Ni mimi binamu yako akupendaye,

                                        Neema