Jibu kwa meneja kuhusu insulini iliyoganda, limeandikwa upya

Mdogo wangu,

Nimesoma ulichonitumia, na baada ya yale tuliyoongea kwenye simu nimekuandikia upya jibu lako lote. Kwanza naweka ujumbe wa meneja na jibu lako la awali, uyaone pamoja kama nilivyoyaona mimi.

Meneja aliandika:

"Nimepigiwa simu na muuguzi wa zahanati ya Sengerema. Insulini ya mchanganyiko tuliyompelekea leo ina mabonge, haichanganyiki. Nimefungua kumbukumbu za friji, nakuta joto lilishuka chini ya sifuri usiku wa kuamkia Jumapili likabaki huko hadi leo asubuhi. Nikaangalia rejista yako: Jumamosi 5, Jumapili 5, leo 5. Inaelekea mwezi mzima hakuna anayesoma hicho kipimajoto. Kwa nini nisikie jambo hili kutoka kwa mteja? Nataka maelezo ya maandishi kabla ya saa tatu kesho."

Nawe ukaandika:

"Shikamoo meneja. Nimesikitishwa sana na tuhuma hizi. Friji ile ni ya zamani na kila mtu anajua. Ijumaa umeme ulikatika, mimi ndiye niliyehangaika nayo peke yangu wakati wengine wameshaondoka. Jumapili si siku yangu ya kazi, sasa nitasomaje joto nikiwa nyumbani? Nilishaomba friji ifungwe king'ora, sikujibiwa. Dawa nilizotoa kwenda Sengerema nilizikagua na zilikuwa nzima kwa macho, inawezekana zimeharibikia njiani au kwao. Kusema mwezi mzima hatusomi kipimajoto ni kunivunjia heshima baada ya miaka yote niliyofanya kazi hapa. Kama kosa limeonekana ni langu basi samahani, na kama ni kukatwa mshahara nikatwe tu."

Najua uliandika ukiwa umeumia, na kuna mambo mawili matatu humo ambayo ni kweli tupu. King'ora uliomba. Jumapili stoo haina mtu. Na ile ya mwezi mzima, meneja amezidisha. Hayo sikuyafuta, nimeyapeleka mahali pake.

Lakini soma tena jibu lako kama wewe ndiye meneja, saa tatu asubuhi, una zahanati imeshika dawa mbovu. Barafu ilionekana saa ngapi? Haipo. Vichupa vingapi vimetoka, vingapi vimebaki? Havipo. Je, kuna mgonjwa aliyekwisha kudungwa? Hakuna hata neno. Kila sentensi imesimama kukukinga wewe, na kwa sababu hiyo imeficha kitu ambacho yeye anakihitaji ili achukue hatua. Mwenye kisukari akijidunga insulini iliyopoteza nguvu, sukari yake inapanda naye anaamini ametibiwa. Huyo mtu ndiye wa kwanza kufikiriwa katika jibu hili.

Ile ya "zimeharibikia njiani au kwao" nimeitoa kabisa. Wewe mwenyewe umeniambia uliona barafu asubuhi. Muuguzi yule alizungusha kichupa viganjani kama inavyotakiwa, akaona mabonge meupe yameng'ang'ania kioo, akasimamisha dawa na kupiga simu. Amefanya kazi yake vizuri, tusimtupie mzigo.

"Kama kosa limeonekana ni langu basi samahani" nayo imeondoka. Samahani yenye "kama" haijamfikia mtu. Na ya kukatwa mshahara usiiandike, wala kwa hasira wala kwa unyenyekevu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri akupe kwanza nafasi ya kujieleza kabla ya kukata mshahara kufidia hasara, na kiwango cha kukata kina mpaka wake. Hilo lina wakati wake. Ukilitanguliza hapa, mazungumzo yanageuka kuwa ya adhabu kabla dawa hazijarudi.

Sentensi ngumu kuliko zote ni ile ya rejista. Umeniambia, ukanikubalia iandikwe, na nimeiweka juu kabisa. Meneja ameshaona namba tatu za 5 pembeni ya kumbukumbu za mashine. Akisubiri uikiri hadi aya ya nne atasoma kila kitu kingine kwa shaka. Simu ya Sengerema uliyopiga jioni hii nimeiingiza humo, kwa hiyo hakikisha idadi zile ndizo alizokupa muuguzi. Pia asubuhi mpigie meneja kabla hujatuma, umwambie ni vichupa vinne vilivyofika kwa wagonjwa. Hilo halisubiri kusomwa.

Jibu ni hili:

Shikamoo meneja,

Lawama ya kwamba umesikia jambo hili kutoka kwa mteja ni ya haki. Nilipaswa kukupigia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, nilipoona barafu kwenye friji ya insulini. Sikupiga. Na namba za 5 zilizopo kwenye rejista kwa Jumamosi jioni, Jumapili na Jumatatu asubuhi si za kusomwa. Nilizijaza mwenyewe Jumatatu baada ya kuona barafu. Naomba radhi kwa yote mawili. Ukurasa huo nimeuacha ulivyo, sijafuta kitu, ila pembeni nimeandika kwamba namba hizo si sahihi, nikaweka saini yangu na tarehe.

Ilivyotokea ni hivi. Ijumaa mchana umeme ulikatika, na uliporudi friji ilikuwa imefika nyuzi 9. Nilizungusha kitufe cha baridi hadi mwisho ili ishuke haraka. Jumamosi asubuhi ilisoma 5, nikaridhika, nikafunga stoo saa saba mchana bila kurudisha kitufe mahali pake. Baridi ikaendelea kuongezeka. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha ilipita chini ya sifuri saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, ikafika hasi 4, na ilibaki chini ya sifuri hadi nilipoirudisha mwenyewe Jumatatu asubuhi.

Asubuhi hiyo niliona vichupa vya safu ya nyuma vimeshikana na barafu. Vya mbele vilikuwa havina barafu kwa nje, nikavihesabu kuwa vizima, na saa tatu nikatoa 30 kwenda Sengerema. Huo ulikuwa uamuzi wangu na haukuwa sahihi. Insulini inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishaganda haitumiki tena hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Kwa joto lililorekodiwa, hakuna kichupa hata kimoja cha friji ile kilichostahili kutoka, cha mbele wala cha nyuma.

Hali ilivyo sasa: vichupa 86 vilivyobaki nimevitenga kwenye boksi lililoandikwa "USITUMIE", nikaviondoa kwenye hesabu ya dawa za kuuza. Nimeongea na muuguzi wa Sengerema jana saa kumi na moja jioni. Kati ya 30 anavyo 26, amevitenga. Vinne walishapewa wagonjwa wanne. Wawili wamepatikana kwa simu na wameambiwa wasivitumie. Wawili wengine zahanati inawafuata kwa mhudumu wa afya wa kijiji leo asubuhi. Nimemwomba anijulishe kila mmoja anapopatikana, na nitakuletea taarifa hiyo papo hapo, iwe nzuri au mbaya. Ombi lake ni kwamba wagonjwa hao wapimwe sukari na wapewe dawa mpya leo leo.

Naomba kibali chako kwa mambo mawili ambayo siwezi kuyaamua peke yangu. La kwanza, tutoe vichupa 30 kutoka friji kubwa, ambayo kumbukumbu zake nimezipitia na haijatoka kati ya 3 na 6 wiki nzima. Boksi la baridi liko tayari. Dereva akiondoka saa nne, kwa daraja la Kigongo–Busisi atafika kabla ya adhuhuri, na arudi na vile 26. La pili, nani aongee rasmi na mganga wa zahanati. Mimi niko tayari kumweleza mwenyewe nilichofanya, lakini kama unaona inafaa wewe utangulie, nitafuata.

Umeandika kwamba inaelekea mwezi mzima kipimajoto hakisomwi. Hapo naomba tuweke rejista na kumbukumbu za mashine mezani tuzilinganishe pamoja siku kwa siku. Ninavyojua mimi, siku nyingine nilisoma na kuandika nilichokiona. Naelewa kwamba kwa nilichokifanya Jumatatu, neno langu pekee halitoshi, ndiyo maana naomba tulinganishe.

Kuanzia leo, asiyekuwepo hajazi. Nafasi ya siku ambayo hakuna mtu itabaki wazi. Yeyote atakayegusa kitufe cha baridi ataandika saa, ameweka wapi na nani atakirudisha, na hatafunga stoo kabla ya kukirudisha. Joto likitoka nje ya 2 na 8, hakuna dawa inayotoka kwenye friji hiyo mpaka wewe au mfamasia mseme. Haya nimeyaandika kwa mkono na kuyabandika kwenye mlango wa friji zote mbili, na nimeongea na wenzangu wawili wa stoo.

Kuna pengo moja ambalo karatasi haitaliziba. Kuanzia Jumamosi saa saba hadi Jumatatu asubuhi hakuna anayeiona friji. Mwezi wa tatu niliomba king'ora kinachopiga simu joto likitoka kwenye mpaka. Naleta ombi hilo tena, na bei za maduka mawili nitakuwa nazo kesho. Hata kingekuwepo, rejista ningepaswa kuijaza kwa ukweli na ningepaswa kukupigia. Wakati tunasubiri, niko tayari kupita Jumapili saa nne asubuhi kusoma joto, na naomba tukae tupange zamu ili siku nikiwa sipo awepo mwingine.

Rejista, karatasi za mashine na orodha ya namba za toleo za vichupa vyote 116 ziko mezani kwangu. Niite wakati wowote utakaokuwa tayari. Kama kuna swali ambalo sijalijibu hapa, nitakujibu kama nilivyoona na kufanya.

Mtunza stoo, dawa za baridi