MUHTASARI WA KIKAO CHA BODI YA AMCOS, TANDAHIMBA

Jumamosi, 7 Septemba 2024, ofisini kwa chama, saa 4:10 asubuhi hadi 8:35 mchana. Wajumbe 8 kati ya 9 walihudhuria. Mmoja ana msiba.

Kikao kilikuwa kirefu. Nimeandika yaliyoamuliwa na sababu zake; malumbano ya msimu uliopita yamebaki kwenye daftari langu.

1. Yatokanayo
Paa la ghala limezibwa, isipokuwa bati moja juu ya mizani. Mtunza ghala alimalize kabla ya 14 Septemba.

2. Korosho mbichi
Hapa ndipo muda ulipoishia. Msimu uliopita lori letu lilirudishwa kutoka ghala kuu kwa unyevu, tukalipia usafiri mara mbili. Mtunza ghala alisema wakulima wanaleta mzigo jioni, hakuna tena mwanga wa kukagua. Wajumbe wawili walimjibu kwamba ndugu zake hawakaguliwi hata mchana. Mwenyekiti akasimamisha kikao dakika kumi.

Tuliporudi, mjumbe mmoja mama alimwaga mezani korosho kutoka mifuko miwili, akatutikisia kiganjani: kavu zinalia, mbichi kimya. Akauliza kwa nini karani asifanye hivyo kwa kila gunia. Hakuna aliyepinga.

Maazimio:
(a) Kuanzia siku ya kwanza ya msimu, mwisho wa kupokea mzigo ni saa 11:00 jioni. Msimamizi: Mtunza ghala.
(b) Kila mzigo unaokataliwa uandikwe na sababu yake, awe ndugu au si ndugu. Mhusika: Karani wa mizani. Daftari litakaguliwa na Makamu Mwenyekiti kila Ijumaa.
(c) Mhasibu alete bei za maturubai manne ya kuanikia kutoka maduka mawili, mwisho 16 Septemba.
(d) Katibu aandikie chama kikuu kuomba kuazima kipima unyevu, mwisho 11 Septemba.

3. Mizani
Katibu apeleke barua Wakala wa Vipimo kabla ya 13 Septemba. Mzani usiokaguliwa hautatumika.

4. Akaunti za wakulima
Wakulima 37 malipo yao yalirudi benki kwa namba zilizokosewa. Ilipendekezwa "wajumbe wote washirikiane" kuwatafuta. Nilikumbusha kwamba kazi ya magunia tuliyoikabidhi "wajumbe wote" mwezi Mei haijafanyika mpaka leo. Mhasibu amekubali kuibeba peke yake: atabandika orodha ubaoni 12 Septemba, na kila mkulima aje na kadi yake ya benki. Zikibaki namba mbovu baada ya tarehe 25, atatuletea majina kikaoni.

5. Mengineyo
Posho ya vikao: hakuna muafaka. Imeahirishwa hadi mkutano mkuu.

Kikao kijacho: Jumamosi 28 Septemba, saa 3:00 asubuhi. Kila aliyepewa kazi aje na taarifa ya maandishi.

Katibu wa Bodi