Kwa Sahibu Yangu, Siku ya Arusi, Lamu

Nakuona barazani, na kanzu imekukaa,
Kofia yako kichwani, viua vyake vyang'aa,
Nakumbuka Mkandani, mashua ilipojaa,
Upo ulishika wewe, nami nikishika tanga.

Viganja vikachubuka, ulichota hadi pwani,
Nchi kavu tukafika, mofa moja kikapuni,
Pande kubwa ukaweka, kwangu mimi mkononi,
Ndipo nikajua wewe, si wa kukimbia janga.

Bibi arusi sikia, hana mengi ya maneno,
Kahawa atakutia, pendo lake ni mkono,
Akinyamaza tulia, ndani mna mapatano,
Upo atashika, nawe, kaza demani ya tanga.