Ukungu wa ubeti wa pili

Mwanangu,

Jana uliniachia daftari mezani, na chini ya shairi tulilosoma ulikuwa umeandika: "Mwalimu, kama chai imeshafika kwa mnywaji, ukungu wa ubeti wa pili unatoka wapi?" Swali hilo limenifurahisha kuliko majibu mengi niliyosahihisha wiki hii. Nimeona nikujibu kwa maandishi, mshororo kwa mshororo, kwa kuwa wewe umekulia Mbarali, kwenye jua na mpunga, na yapo mambo ambayo wenzako wa hapa Tukuyu wanayaona kila asubuhi bila kuelezwa. Shairi lenyewe, ambalo nililitunga kwa ajili ya darasa lenu, ni hili:

Jogoo hajatamka, mama tayari njiani,
Kapu tupu kajitwika, lamcheka mgongoni,
Baridi yamtandika, viboko vya kisogoni,
Ukungu umetambaa, na mama haonekani.

Mawili, moja, achuma, vidole vyake vi ganzi,
Mizani inayopima, jasho lake haiwezi,
Anywaye akiegama, humsifia mwandazi,
Ukungu umetambaa, na mama haonekani.

Umbo lake halitakusumbua. Ni tarbia, yaani kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane katika ukwapi, kipande cha kwanza, na nane katika utao, kipande cha pili. Mshororo wa mwisho unarudiwa bila kubadilika hata herufi, kwa hiyo ni kibwagizo. Ingawa mtunzi ni mimi, katika mtihani utaandika "mshairi", nami hapa nitafanya hivyo hivyo.

Katika mshororo wa kwanza, jogoo tunayemjua huwika, lakini huyu amepewa kazi ya kutamka, kama mzee wa nyumba ambaye neno lake ndilo ruhusa ya watu kuamka. Mama hakuingoja ruhusa hiyo. Tazama pia kwamba katika "mama tayari njiani" hakuna kitenzi: hatumwoni akiamka, hatumwoni akinawa uso, na tunapofungua macho yeye ameshaondoka.

Mshororo wa pili ndio niliotaka mkae nao, na wengi wenu mmeuruka. "Kajitwika" ni amejitwika, na "lamcheka" ni linamcheka; mshairi amefupisha maneno ili mizani itimie, na ufupishaji huo tunauita inkisari. Lakini kwa nini kapu licheke? Siku moja simama kando ya njia wachumaji wanaposhuka alfajiri, usikilize. Kapu tupu lililokauka hulia kila hatua, fito zake zikisuguana, kwi, kwi, kwi, na sauti hiyo humfuata mwenye kapu mpaka shambani. Likijaa majani mabichi hunyamaza, kwa sababu uzito huzibana fito. Kwa hiyo tashihisi hii, yaani kukipa kitu tabia ya mtu, haikuwekwa kama pambo tu: kapu linamcheka mama kwa kuwa bado ni tupu, na njia pekee ya kulinyamazisha ni kulijaza.

Katika mshororo wa tatu, neno la kushika ni "yamtandika". Kutandika ni kupiga, na maana hiyo inathibitishwa na viboko vinavyofuata, ila kutandika pia ni kutengeneza kitanda, na mama huyu ndiyo kwanza ametoka kwenye kitanda chenye joto. Neno moja linabeba kitanda alichokiacha na fimbo aliyoikuta nje. Wewe uliyefika hapa mwezi Juni huhitaji kuelezwa baridi hiyo ikoje. Viboko vimeangukia kisogoni, mahali ambapo anayepigwa hawezi kumwona anayempiga, nami naomba uiweke picha hiyo akilini mpaka tufike kwa mnywaji.

Kibwagizo, kwa mara ya kwanza, kina maana yake ya wazi. Ukungu wa huku hupanda kutoka mabondeni taratibu, kama mtoto anayetambaa au mmea wa maboga, hadi ukafunika mistari ya chai, na mchumaji aliye hatua kumi mbele yako unamsikia akikohoa bila kumwona. Usitafute fumbo hapa. Ni hali ya hewa.

Ubeti wa pili unaanza na namba zisizo na majina. Chai njema huchumwa majani mawili na chipukizi moja, na mchumaji hatamki "majani" wala "chipukizi", kwani mkono wake umeshajua. Soma kwa sauti, ukitua penye mkato: mawili, moja. Huo ndio mwendo wa mkono. Mama yako anapopandikiza mpunga, vidole vyake navyo vinatenga miche huku yeye akizungumza na jirani, kwa hiyo nadhani unanielewa. "Vi ganzi" ni "vina ganzi". Mwenzako mmoja amenikosoa kwamba "ganzi" hailingani sawasawa na "haiwezi", kwa kuwa ina n kabla ya z, na amesema kweli. Nililiacha kwa sababu sikupata neno jingine linaloumiza vidole kama hilo.

Mshororo wa sita unatupeleka kwenye kituo cha kupimia, ambako majani hulipwa kwa kilo. Sentensi imekatwa makusudi: jasho lake haiwezi. Haiwezi kufanya nini? Kulipima, lakini kitenzi hicho umeachiwa wewe ukimalizie. Msomaji mwenye masikio atakumbuka kwamba mizani ni neno letu la ushairi pia, na kwamba shairi lenyewe, pamoja na mizani yake 16, nalo haliwezi.

Kisha anakuja mnywaji. Kuegama ni kuketi umelaza mwili kwenye kitu, mkao wa mtu aliyestarehe. Ulinganishe na yule aliyejitwika. Mwandazi ni mtu anayeandaa chakula au kinywaji. Nusu ya darasa imeandika kwamba mnywaji ni mnyonyaji, nami sikubaliani. Hakumtukana mtu, hakumdhulumu mtu kwa mkono wake; amesifu, na amemsifu yule aliye mbele ya macho yake. Kama ambavyo mama hakumwona aliyempiga kisogoni, yeye naye hamwoni aliyemchumia.

Sasa swali lako. Kibwagizo kinaporudi hakijabadilika, ila mahali pamebadilika: hatuko tena shambani, tuko penye kikombe. Ukungu uliobaki ni umbali ulio kati ya mnywaji na mama, na "haonekani" iliyokuwa ya macho sasa ni ya fikra. Ukungu wa kwanza utaondoka saa nne jua likichomoza vizuri; huu wa pili haujui jua. Na kama utataka picha unayoweza kuigusa, mimina chai ya moto kikombeni, uinamie: mvuke utapanda usoni pako, mweupe, ukitambaa.

Katika jibu lako la swali la tatu uliandika "ukungu ni umaskini". Futa sentensi hiyo, kwa kuwa hakuna neno katika mishororo minane linaloibeba, kisha uandike upya ukionyesha kibwagizo kinasema nini mara ya kwanza na nini mara ya pili, na uthibitishe kwa maneno "kisogoni" na "mwandazi". Daftari nimelirudisha kwa kiongozi wa darasa. Nitalipitia tena Ijumaa kabla ya kipindi.