📢 Nafasi ya Kazi: Muuza Duka la Vifaa vya Shule na Ofisi

Duka letu la vifaa vya shule na ofisi linatafuta muuzaji mmoja, mwanamke au mwanamume, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, atakayeanza kazi mwanzoni mwa mwezi ujao. Duka ni dogo na lina watu wawili tu, mwenye duka na muuzaji, kwa hiyo tunamhitaji mtu anayeweza kuachiwa funguo.

Muuzaji atawahudumia wateja, atapanga bidhaa kwenye rafu, atatoa fotokopi, atapokea mzigo na kuuhakiki kwa ankara kabla ya kutia saini, na ataandika kila mauzo kwenye daftari, hata yakiwa ya kalamu moja. Jioni, kabla ya kufunga, fedha zilizomo kwenye droo na malipo yaliyopokelewa kwa simu vinalinganishwa na daftari, na hesabu ikipishana tunaitafuta pamoja siku hiyo hiyo, kumbukumbu ingali mbichi. Tunalisisitiza hili kwa sababu faida ya duka kama letu ni ndogo kwa kila bidhaa, na upungufu usiosemwa mapema huwa mgumu kuufuatilia baadaye.

✅ Mwombaji awe anasoma na kuandika vizuri, awe mwepesi wa kujumlisha na kurudisha chenji, na awe mwaminifu. Uzoefu wa kuuza duka utampa nafasi nzuri zaidi, ingawa si sharti. Matumizi ya mashine ya fotokopi tutamfundisha. Lugha nzuri kwa wateja ni ya lazima, hasa msimu wa kufungua shule, wazazi wanapojaa mlangoni na orodha ndefu mikononi, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kwanza.

🕗 Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, pamoja na saa moja ya mapumziko ya mchana. Jumapili duka halifunguliwi. Mshahara hulipwa kila mwisho wa mwezi, na kiwango chake kitaelezwa wazi siku ya usaili, kabla mwombaji hajakubali lolote. Miezi miwili ya kwanza ni ya majaribio yenye malipo kamili, kisha mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja utasainiwa.

📩 Tuma barua fupi ya maombi kupitia ujumbe wa faragha wa ukurasa huu kabla ya Ijumaa ijayo, saa kumi jioni. Eleza kazi ulizowahi kufanya, hata zile za kusaidia nyumbani au kwenye biashara ya familia, na utaje mdhamini mmoja anayekufahamu vizuri. Usiweke namba ya simu wala nakala ya kitambulisho kwenye maoni ya hadharani. Watakaochaguliwa kwa usaili watajibiwa Jumatatu itakayofuata. Hatutozi ada yoyote katika hatua yoyote ya maombi haya, na anayekuomba fedha kwa jina letu hatumtambui.