YAH: OMBI LA KUHUISHA MKATABA WA CHUMBA CHA IBADA

Kwa Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo Mama.

Mkataba wetu wa chumba cha chini, tunachokitumia kwa ibada kila Jumapili asubuhi, unaisha mwisho wa mwezi ujao. Kwa niaba ya waumini, naomba tuuhuishe kwa miaka 2, tukiendelea kulipa kodi ya miezi 3 mbele kama kawaida.

Suala la kelele tumelizingatia. Tangu jirani wa juu apate mtoto mchanga, ngoma tumeziweka kando na tunaimba kwa gitaa moja. Kusema kweli, kwaya sasa inasikika vizuri zaidi. Saa 6 mchana huwa tumeshafagia, tumepanga viti na kufunga.

Tunaomba pia kipengele kimoja kiongezwe: tupewe notisi ya miezi 2 ukihitaji chumba, maana kuhamisha kusanyiko zima si kazi ya wiki moja. Kama unafikiria kupandisha kodi, tuambie mapema tuzungumze.

Dari linalovuja karibu na dirisha tuko tayari kulitengeneza, gharama ikatwe kwenye kodi ukiridhia.

Naweza kuja kwako jioni yoyote, isipokuwa Jumatano.

Wako mtiifu,
Katibu, Kamati ya Ibada